Nilivyotenganisha zh, ch, sh na z, c, s za Kichina

Ushauri wa kwanza anaopewa Mswahili anayejifunza Kichina ni huu: zh ni j ya jambo, ch ni ch ya chai, sh ni sh ya shamba, basi, umemaliza. Hujamaliza chochote. Ushauri huo ulinichelewesha kuliko toni zote nne, na hadi leo nikiusikia unatolewa kwa mwanafunzi mpya, nakereka.

Kasoro yake iko kwenye ulimi. Tunaposema shamba au chai, kinachopanda kuelekea kaakaa si ncha ya ulimi bali bapa lake, sehemu iliyo nyuma kidogo ya ncha. Ikifuata i, kama katika shida na chini, ulimi unapanda zaidi. Mchina akiisikia sauti hiyo haipeleki kwenye sh wala ch yake, anaipeleka kwenye x na q, ambazo ni herufi nyingine kabisa. Ndiyo maana unasema shì, yaani "ni", na mwenzako anasikia xì. Upande wa pili nako kuna mtego. Z ya pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini, si z ya zawadi. Ni t na s zilizobanwa pamoja bila koo kutetemeka. C ni hiyohiyo ts, ila inatoka na pumzi.

Nilianza upya na silabi sita tu: zhi, chi, shi, zi, ci, si. Hiyo i iliyoandikwa hapo usiisome kama i yetu. Imewekwa ili silabi isibaki bila irabu kwenye maandishi. Kinachosikika ni konsonanti yenyewe ikiendelea, ulimi ukiwa palepale, na koo limeanza kutetemeka. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuivuta silabi mpaka pumzi ikuishie, na muda wote huo ukaukagua ulimi.

Sasa ujanja wenyewe. Toa s ndefu isiyo na sauti ya koo, sssss, ncha ya ulimi ikiwa karibu na meno. Usiikate. Huku hewa inatoka, vuta ncha polepole juu na nyuma, ukipitia ufizi ulio nyuma ya meno ya mbele. Utahisi ufizi una tuta, na baada ya tuta kaakaa linapanda ghafla. Ncha ikifika kwenye kona hiyo, bila kugusa, mvumo unashuka: s iliyokuwa nyembamba na kali inakuwa nzito. Simama hapo. Hiyo ndiyo sh ya Kichina. Washa koo bila kusogeza kitu na umeshasema shī.

Utajuaje kama umefika? Sikio la mwanafunzi linadanganya, kwa hiyo mimi sikulitegemea. Shikilia ulimi palepale, halafu badala ya kutoa hewa, ivute ndani kwa nguvu. Hewa baridi itapiga mahali penye mwanya mwembamba. Kwenye s baridi inasikika nyuma tu ya meno, kwenye ncha. Kwenye sh inasikika kwenye ile kona ya kaakaa, na ncha inapoa pande zote, hata chini yake, kwa sababu chini ya ulimi kumebaki nafasi wazi. Ukihisi baridi imetandaa kwenye bapa la ulimi na ncha imelala chini, umerudi kwenye sh ya shamba. Jaribio hili halina gharama na unaweza kulifanya ndani ya daladala bila mtu kukushangaa, mradi usivute hewa kwa kelele.

Angalia na midomo. Wengi wetu tukisema sh tunaichongoa mbele kidogo, na mchongo huo unaweza kuuficha ulimi uliokaa vibaya, kwa kuwa nao unashusha mvumo. Jizoeze shī mbele ya kioo midomo ikiwa imetanuka kama ya mtu anayetabasamu. Ikiwa mvumo unapanda juu mara unapotabasamu, midomo ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi ya ulimi.

Na wale wanaokuambia "kunja ulimi nyuma" wapunguze. Ukiukunja mpaka upande wa chini wa ncha uguse kaakaa, sauti inakwama kooni na shā inasikika kana kwamba ina r ndani yake. Ncha inainuliwa tu.

Zh na ch zinakaa mahali palepale pa sh, ila ncha inagusa kwanza ndipo inaachia. Z na c vilevile, lakini nyuma ya meno. Tofauti kati ya zh na ch, au z na c, ni pumzi tu. Shika kipande cha tishu mbele ya midomo, kama upana wa vidole vitatu: kwa chī na cī kiruke, kwa zhī na zī kitulie. Waliokulia Mombasa wana mtaji hapa, maana Kimvita hutofautisha paa la nyumba na phaa wa porini kwa pumzi hiyohiyo. Mgiriama naye ts anayo tayari katika tsano. Sisi wengine tunaanzia sifuri.

Kipimo halisi ni bei. Shísì ni 14, sìshí ni 40, na kwa mnunuzi wa jumla kule Yiwu hiyo ni tofauti ya pesa nyingi. Shísì ulimi unaanza juu kwenye kona kisha unashuka kwenye meno; sìshí unaanza kwenye meno kisha unapanda. Fanya safari hizo mbili kwanza kwa mnong'ono, bila toni. Ukiharakisha mapema, silabi zote mbili zinakutana katikati, kwenye sh yetu ya zamani. Toni ziongeze baadaye: shí inapanda, sì inaporomoka.

Toni hizo usizidharau, kwa sababu wauzaji wengi wa Zhejiang, Guangdong na Taiwan wenyewe hawainui ulimi. 14 kwao inatoka sísì na 40 sìsí. Hapo sikiliza mwanzo: ukiporomoka, ni 40. Ukiwa na shaka, vuka vidole viwili vya shahada kama alama ya kuzidisha, ambayo ndiyo ishara yao ya kumi, uone kama anakubali.

Kubaki na kumbukumbu ya neno lipi lina h ni kazi nyingine. Kanuni chache zinaokoa: kati ya sauti hizi sita, ua, uai na uang hufuata zh, ch, sh peke yake, kwa hiyo chuáng (kitanda) haiwezi kuwa na c tupu, na shong haipo, ipo song tu. Yaliyobaki niliyaachia simu. Kibodi nyingi za pinyin zina mpangilio unaoitwa 模糊音, unaofanya z ihesabiwe sawa na zh, c na ch, s na sh. Uzime. Baada ya hapo ukitaka kuandika biashara, shāngyè, ukasahau h, kibodi itakuletea 桑叶, majani ya mforsadi, badala ya 商业, na itaendelea hivyo kila mara mpaka uandike h.