Nilivyoandika mwongozo wa kuchemsha yai, na kwa nini toleo la kwanza lilishindwa Mbeya

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuhudumia pampu za maji, na sehemu ya kazi hiyo ni kuwaandikia waendeshaji miongozo: upeo wa matumizi, vifaa, tahadhari, hatua za kuwasha na kuzima, kisha sura ya hitilafu na tiba zake. Mpwa wangu alipopata nafasi ya masomo Mbeya na kupanga chumba chenye jiko dogo la gesi, mama yake, ambaye ni dada yangu, aliniambia kwamba kijana huyo hajui kupika chochote, hata yai. Nilikaa jioni mbili nikamwandikia mwongozo wa kuchemsha yai kwa mpangilio uleule ninaoutumia kwa pampu, nikauchapa kurasa nne, nikautia ndani ya mfuko wa nailoni ili mvuke usiuharibu.

Kifungu cha kwanza kilisomeka hivi: “Mwongozo huu unahusu mayai ya kuku yasiyozidi sita kwa wakati mmoja, yenye ganda zima, yanayokusudiwa kuliwa kiini kikiwa kimeganda. Hauhusu mayai ya bata, ya kanga wala ya kware.” Nililazimika kutamka jambo hilo kwa sababu muda wa kuchemsha hutegemea ukubwa wa yai. Yai la kisasa la wastani lina uzito wa gramu 55 hadi 60, ilhali la kienyeji mara nyingi ni gramu 40 hivi, na joto husafiri kutoka kwenye ganda hadi katikati ya kiini kwa muda mfupi zaidi pale ambapo njia yenyewe ni fupi. Nilitaka pia kiini kigande kabisa, wala si nusunusu, maana joto lisilotosha haliui vijidudu vya salmonela, na kijana anayeishi peke yake mbali na nyumbani hana wa kumhudumia akiugua tumbo usiku.

Sura ya ukaguzi niliipa nafasi kubwa. Mwendeshaji aliagizwa kugonganisha mayai mawili kwa upole karibu na sikio: mazima hutoa mlio mkavu unaosikika wazi, na lenye ufa hutoa mlio mzito uliofifia hata kama ufa wenyewe hauonekani kwa macho. Baada ya hapo aliweke kila yai ndani ya bakuli la maji baridi. Yai jipya hulala chini. Lililokaa siku nyingi husimama kwa ncha yake nyembamba, kwa sababu maji yake yamekuwa yakitoka kidogo kidogo kupitia vitundu vya ganda na hewa imejaa upande wa ncha butu. Linaloelea kabisa liwekwe kando, livunjwe nje ya nyumba, na likiwa viza lisirudishwe ndani.

Jambo lililonichukua muda mrefu kuliamua ni kama yai litiwe ndani ya maji baridi au ndani ya maji yanayochemka. Nyumbani kwetu siku zote tulianza na maji baridi. Lakini fundi hawezi kuandika “dakika kumi” bila kusema dakika hizo zinaanzia wapi. Maji baridi kwenye jiko la mkaa ambalo moto haujakolea yanaweza kuchukua robo saa kabla ya kuchemka, na maji hayohayo kwenye jiko la gesi yakachukua dakika tano, na wakati wote huo yai linaiva kwa kiasi ambacho hakuna anayekijua. Nikaandika: “Maji yafike mchemko kwanza. Yawe mengi kiasi cha kulifunika yai kwa urefu wa vidole viwili. Yai literemshwe kwa kijiko, taratibu, na saa ianze kuhesabiwa ganda linapogusa chini ya sufuria.” Njia hii ina faida ya pili, kwamba ute unaopata joto kali ghafla haushikamani sana na utando wa ndani ya ganda, hivyo yai humenyeka vizuri zaidi. Hasara yake ni nyufa, na kwa sababu hiyo niliagiza kwamba yai lililotoka kwenye jokofu likae nje kwanza hadi baridi iishe. Niliongeza pia kwamba mwendeshaji asishtuke akiona vipovu vikitoka mfululizo kwenye ncha butu, kwani ni hewa ya ndani inayopanuka na kutafuta njia.

Muda wenyewe niliupima jikoni kwangu Dar es Salaam kwa kukata mayai katikati. Kwenye dakika 8 kiini kilikuwa kimeganda pembeni na kung’aa katikati. Kwenye dakika 10 kilikuwa kimeganda chote, kikiwa cha manjano isiyo na doa. Kwenye dakika 15 kilizungukwa na utepe wa rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu, na jikoni kulinukia kama kiberiti. Utepe huo hutokea pale gesi yenye salfa inayotoka kwenye ute inapokutana na madini ya chuma yaliyomo kwenye kiini. Haudhuru mlaji, lakini unaonyesha kwamba yai limepitiliza. Nikaandika dakika 10 kwa herufi nzito, pamoja na agizo kwamba yai litiwe mara moja ndani ya maji baridi, yabadilishwe yakipata joto, kwa sababu yai lililotolewa jikoni huendelea kuiva lenyewe kwa joto lililobaki ndani yake.

Wiki ya pili baada ya kufika Mbeya mpwa wangu alinipigia simu.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Mwongozo unakwendaje?”

“Mjomba, nimefuata kila kifungu, lakini kiini bado ni kama uji.”

Nilimhoji kama ninavyomhoji mwendeshaji wa pampu. Maji yalikuwa yanachemka kweli? Yalikuwa yanachemka. Mayai yalikuwa mangapi? Mawili. Saa ilianza lini? Ilianza ganda lilipogusa chini. Nikamwambia aongeze moto, na hapo ndipo nilipokosea, maana maji yakishafikia mchemko hayapati joto zaidi hata ukiweka moto mkubwa namna gani. Moto wa ziada huongeza mvuke tu, humaliza gesi, na huyagonganisha mayai mpaka yapasuke. Kesho yake aliniambia kwamba la kwanza limepasuka na la pili bado ni uji.

Usiku ule nilikumbuka jambo ambalo kazini nalitumia kila siku. Pampu inayovuta maji mahali palipoinuka hupungukiwa uwezo kwa sababu kanieneo ya hewa ni ndogo huko, na kanieneo hiyohiyo ndiyo inayoamua maji yachemke kwenye nyuzijoto ngapi. Pwani maji huchemka kwenye nyuzijoto 100, na kwa kila mita 300 hivi unazopanda kiwango hicho hupungua kwa karibu nyuzi moja. Mbeya iko juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,700. Maji ya mpwa wangu yalikuwa yanachemka kama alivyosema, ila yalikuwa yanachemka yakiwa na joto pungufu kuliko ya kwangu.

Wakati wa Pasaka nilisafiri nikiwa na kipimajoto cha kazini na trei moja ya mayai niliyoinunua sokoni Mbeya kwenyewe. Maji yalipochemka kwa nguvu, kipimajoto kilisimama kwenye nyuzi 94 na hakikupanda tena. Tuliweka mayai matano ya ukubwa mmoja, tukayatoa moja moja, kila moja tukalitia kwenye maji baridi na kulikata. La dakika 10 lilikuwa kama lile la dakika 8 la Dar es Salaam. La dakika 11 lilibaki na doa bichi katikati. La dakika 12 lilikuwa limeganda isipokuwa sehemu ndogo sana yenye unyevu, na la dakika 12 na nusu lilikuwa sawasawa na lile nililolipitisha nyumbani. La mwisho tuliliacha hadi dakika 15 na halikuwa na utepe wa kijani.

Ni rahisi kudhani kwamba nyuzi 6 katika 100 ni kitu kidogo. Lakini kiini huanza kushikana kwenye nyuzi 65 hivi na huganda vizuri kikipita 70, kwa hiyo linalosukuma joto kuelekea katikati ya yai ni ile tofauti iliyobaki kati ya kiini na maji, na mwishoni mwa mapishi tofauti hiyo imeshakuwa ndogo. Kuipunguzia nyuzi 6 pale mwishoni ndiko kunakoongeza robo ya muda wote.

Toleo la pili lilipata kifungu kipya kilichoitwa “Sharti la Mwinuko”, kinachosema: “Muda uliotajwa ni wa mahali palipo karibu na usawa wa bahari. Mwendeshaji aliye kwingine achemshe yai la majaribio, alikate, na aandike muda wake mwenyewe kwenye nafasi iliyoachwa hapa chini.” Mpwa wangu alijaza 12½ kwa kalamu mbele yangu.

Hitilafu moja zaidi ilijitokeza safari hiyohiyo. Mama mwenye nyumba alituletea mayai ya kienyeji yaliyotagwa asubuhi ile, tukayachemsha kwa dakika 10, yakaiva vizuri, lakini yalipomenywa ganda liliondoka na vipande vya ute mpaka yai likabaki na mashimo. Kosa halikuwa la mmenyaji. Yai jipya lina gesi ya kaboni ndani ya ute, nayo hutoka polepole kupitia ganda kwa siku kadhaa. Kadiri inavyotoka ndivyo uasidi wa ute unavyopungua na utando unavyoachia. Nikaandika kwamba yai la siku hiyo likaangwe, na la kumenywa lisubiri wiki moja, kisha lipondwe kwanza kwenye ncha butu, penye nafasi ya hewa, na limenywe ndani ya maji.

Toleo la tatu limetokana na barua ya mpwa wangu mwenyewe, aliyeniuliza afanye nini gesi ikiisha yai likiwa jikoni kwa dakika ya sita. Nilijaribu kwanza kulizungusha yai juu ya meza: bichi huyumba na kusimama haraka, lililoganda huzunguka kwa kasi kama pia. Lakini njia hiyo haikuniwezesha kutofautisha kiini laini na kiini kigumu, hivyo sikuikubali kuwa kipimo. Kifungu cha 7.4 sasa kinasema sufuria ifunikwe, kuhesabu kusitishwe, mtungi ubadilishwe, maji yachemke upya, na dakika zote zilizokuwa zimebaki zitimizwe, kisha yai moja likatwe kabla mengine hayajaliwa.