Namba Nne Ubaoni

Mwezi wa Oktoba 2022 nilisimama mbele ya watu wasiozidi ishirini na watano, katika chumba cha darasa karibu na Tononoka, nikatoa mada kuhusu sheria za kima cha chini cha mshahara. Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili, na semina hiyo ya jioni ilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuhudhuria. Mei Mosi ya mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ametangaza nyongeza ya asilimia 12, na kibarua wa kawaida wa Mombasa akapanda kutoka shilingi 13,572.90 kwa mwezi hadi 15,201.65, bila kuhesabu posho ya nyumba. Mjini hapakuwa na barza lisilolizungumzia jambo hilo, kwa hiyo nilijua kwamba wasikilizaji hawatakuwa wanafunzi watupu.

Sehemu kubwa ya mada yangu ilihusu uchunguzi mmoja wa Marekani ambao David Card na Alan Krueger waliuchapisha mwaka 1994. Jimbo la New Jersey lilipandisha mshahara wa chini kutoka dola 4.25 kwa saa hadi dola 5.05 tarehe 1 Aprili 1992, ilhali jirani yake Pennsylvania halikugusa kitu. Wachunguzi hao waliipigia simu mikahawa 410 ya vyakula vya haraka pande zote mbili za mpaka kabla ya nyongeza, wakairudia mwishoni mwa mwaka, wakiuliza idadi ya wafanyakazi, mshahara wa kuanzia na bei ya mlo. Nilieleza utabiri wa kawaida, kwamba kazi ikipanda bei wenye kuinunua hununua kidogo, na nikasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda kwamba New Jersey iliukanusha: mshahara ulipanda na ajira ikaongezeka. Slaidi yangu ilikuwa na mihimili miwili mirefu ya rangi ya kijani, na chini yake nilikuwa nimeandika neno «iliongezeka» kwa herufi nene.

Mhadhiri aliyeongoza semina hakupinga. Aliinuka polepole, akachukua chaki, akaniomba nimsomee wastani wa wafanyakazi kwa kila mkahawa, kabla na baada, kwa majimbo yote mawili. Nikasoma, naye akaandika ubaoni:

New Jersey: 20.44, kisha 21.03
Pennsylvania: 23.33, kisha 21.17

«Sasa tuambie,» akasema, «ni jimbo gani lililosogea?»

Nilizitazama zile namba nne kana kwamba sijawahi kuziona, na kwa kweli sikuwa nimewahi kuziona zikiwa zimepangwa hivyo. New Jersey ilikuwa imepanda kwa 0.59 tu, yaani zaidi kidogo ya nusu ya mfanyakazi kwa mkahawa. Pennsylvania, ambako sheria haikubadilika, ilikuwa imeshuka kwa 2.16. Ukitoa badiliko la moja katika badiliko la lingine unapata 2.75, na ndiyo namba niliyokuwa nikiitangaza, lakini zaidi ya robo tatu yake ilitokana na jimbo ambalo halikufanya lolote. Hesabu hiyo inasimama ikiwa tu tunakubali kwamba bila nyongeza New Jersey nayo ingeshuka kama jirani yake, kwa kuwa hali ya uchumi katika eneo hilo ilikuwa ngumu mwaka ule. Huenda ni kweli. Hata hivyo mikahawa ya Pennsylvania ilikuwa 79 tu, na kama kundi hilo dogo lilipatwa na jambo lake lenyewe, matokeo yote yanayumba pamoja nalo. Nilijibu kwamba wachunguzi walilitambua hilo, ndiyo maana walilinganisha pia mikahawa ya New Jersey yenyewe kwa yenyewe: ile iliyokuwa tayari inalipa dola 5 au zaidi dhidi ya ile iliyolazimika kupanda kutoka 4.25, na hapo pia iliyobanwa na sheria haikufanya vibaya kuliko mingine. Mhadhiri akatikisa kichwa kukubali. «Basi hilo ndilo ungeanza nalo,» akasema, «na ungeandika kwamba ajira haikupungua. Neno lako la pale chini linadai zaidi ya ulicho nacho.»

Niliyemwogopa hasa alikuwa mzee mmoja wa makamo ya baba yangu, aliyewahi kuwa mwakilishi wa wafanyakazi bandarini. Alinyoosha mkono nusu, kama anayeita kahawa.

«Mwanangu, hao wafanyakazi mliwahesabu vipi? Vichwa au saa?»

«Mzee wangu, mfanyakazi wa kutwa nzima alihesabiwa mmoja, na wa muda mfupi alihesabiwa nusu.»

«Wa saa kumi na wa saa thelathini kwa wiki, wote nusu?»

Nilikiri kwamba ndivyo. Akacheka kidogo, bila dharau, akasema kwamba yeye katika maisha yake ameona waajiri wachache wanaofukuza mtu siku mshahara unapopanda, lakini wanaopunguza zamu ameshindwa kuwahesabu. Swali lake lilikuwa sahihi kuliko lilivyosikika. Kama mkahawa unambakisha kijana kazini lakini unampunguzia saa kutoka thelathini hadi ishirini, kipimo cha nusu hakioni kitu. Nilimweleza kwamba wapinzani wakuu wa uchunguzi ule, David Neumark na William Wascher, walishika uzi huohuo: waliacha simu na kutafuta vitabu vya malipo ya saa, na mwaka 2000 wakachapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba ajira New Jersey ilishuka kidogo ikilinganishwa na Pennsylvania. Niliongeza, kwa haki, kwamba sehemu ya vitabu hivyo ilikusanywa kwanza na taasisi yenye uhusiano na wenye mikahawa, na kwamba Card na Krueger walijibu mwaka uleule kwa kumbukumbu za serikali ambazo hazikuonyesha mshuko wa maana. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. «Kwa hiyo aliyepiga simu alipata hivi, na aliyefungua vitabu akapata vile,» akasema. Nilitaka kumrekebisha, kwa sababu kumbukumbu za serikali nazo ni vitabu, ila nikaona kwamba yeye alikuwa akizungumzia saa, nazo kumbukumbu zile zilihesabu vichwa.

Kisha akazungumza mama mmoja mwenye hoteli ya chakula karibu na Mwembe Tayari, ambaye muda wote alikuwa akijipepea kwa karatasi za mada yangu kwa kuwa pangaboi lilikuwa bovu. Yeye aliuliza neno moja tu: bei ya chakula je? Nilifurahi, maana jibu nilikuwa nalo. Mlo kule New Jersey ulipanda bei kwa karibu asilimia 4 zaidi ya Pennsylvania. «Basi walilipa wateja,» akasema, akaridhika.

Mhadhiri hakuridhika. Aliniuliza ninaeleza vipi ajira isipungue mshahara unapopanda. Nilijibu kama vitabu vinavyojibu: mwajiri mwenye nguvu sokoni hujizuia kuajiri, kwa kuwa akitaka kumvutia mtu mmoja zaidi itambidi awaongezee wote alio nao, hivyo anaishi na nafasi tupu. Sheria ikimlazimisha kulipa zaidi, sababu ya kujizuia inaondoka na anazijaza nafasi zile. Joan Robinson alilieleza hilo tangu mwaka 1933. «Vizuri,» akasema. «Akizijaza, anapika zaidi au kidogo?» Zaidi. «Na anayepika zaidi, ili sahani zote ziuzike, bei huipandisha au huishusha?»

Nilinyamaza. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekifanya miezi yote ile. Nilikuwa nimezipambanisha nadharia mbili kwa shahidi mmoja tu, yaani ajira, na kila moja ilikuwa na shahidi wa pili ambaye sikumwita. Nadharia ya kawaida inatabiri ajira kushuka na bei kupanda. Nadharia ya mwajiri mwenye nguvu inatabiri ajira kupanda na bei kushuka. New Jersey ilileta ajira isiyoshuka pamoja na bei iliyopanda, mchanganyiko ambao hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayouchukua mzima. Tena ndani ya jimbo lenyewe bei haikupanda zaidi katika mikahawa iliyobanwa zaidi na sheria, jambo linalozidi kuitatiza picha. Card na Krueger wenyewe hawakulificha fumbo hilo. Mimi ndiye niliyelifunika kwa mihimili ya kijani.

Slaidi yangu ya mwisho ilipendekeza kufanya uchunguzi wa namna hiyo hapa Pwani kwa kulinganisha Mombasa na Malindi, ambayo iko katika ngazi ya chini ya mshahara. Mwanafunzi mwenzangu aliimaliza kwa sentensi moja: nyongeza ya asilimia 12 ilikwenda Mombasa na Malindi vilevile. Ni kweli kwamba viwango vyao vinatofautiana, ila hakuna upande ambao haukuguswa. Tukabaki na njia ya ndani, ya kupima kila hoteli ililazimika kupanda kiasi gani. Iliyokuwa ikimlipa mwosha vyombo 13,600 ina pengo la karibu asilimia 12. Iliyokuwa ikilipa 14,500 ina pengo la karibu asilimia 5. Iliyokuwa ikilipa 16,000 haina pengo. Kama sheria inaua kazi, mshuko unapaswa kufuata ukubwa wa pengo, na saa zihesabiwe, si vichwa.

Yule mama alinisubiri mlangoni. Nilimwamkia upya kwa heshima, akaniambia nipite hotelini kwake nione daftari la mahudhurio, kwa kuwa yeye huandika saa ya kuingia na ya kutoka. Nilikwenda wiki hiyohiyo. Daftari lilikuwa la jalada gumu, lenye madoa ya mafuta pembeni, na wafanyakazi tisa waliandikwa kila siku kwa kalamu ya bluu. Nilijumlisha saa za Aprili, mwezi wa mwisho kabla ya nyongeza, na saa za Septemba, nikaona Septemba imezidi kwa mbali sana. Nikamwambia kwa furaha kwamba kwake saa zimeongezeka mshahara ulipopanda.

Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto wa mgeni. «Mwanangu,» akasema, «Aprili karibu yote ilikuwa Ramadhani. Mchana nilikuwa nimefunga hoteli.»

Akalirudisha daftari nyuma mpaka Februari, akalisukuma mbele yangu, akaenda kuangalia wali.