Siku moja ya mtu wa takwimu Kigoma, giza likiwa limeingia

Nikisema nafanya kazi ya takwimu, watu hudhani ni sensa. Nikisema nafanya kazi kwa mnunuzi wa dagaa, wananitazama viatu kama vina magamba. Ukweli uko katikati. Wanunuzi wetu wako mialoni, Ilagala, Kagunga, Katonga na Kibirizi. Kila wanapopima dagaa wakavu wanaandika stakabadhi kwenye simu, na kazi yangu ni kuhakikisha zile stakabadhi zinakuwa namba sahihi kwenye skrini ya bosi kabla hajatuma fedha za siku. Leo nimeamua kuwaonesha siku yenyewe inavyokwenda, ingawa sikupanga iwe siku mbaya.

Saa kumi na mbili asubuhi. Chai na mihogo. Simu iko kimya. Ukimya wa asubuhi kwangu ni mshahara wa pili.

Saa moja na nusu. Niko njiani nashuka mjini, mama mnunuzi wa Kibirizi anapiga. Sijamaliza hata shikamoo.

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, mimi nimewakosea nini?"

Bosi hakumtumia hata shilingi. Jana alimaliza fedha yote aliyopewa, na sasa amezungukwa na kina mama wenye dagaa wao kwenye mabeseni, wanataka kujua kama ananunua au wamuuzie mwingine. Bosi naye hakukurupuka. Alifungua dashibodi, akaona Kibirizi jana ilinunua kilo 1,870, akapiga hesabu kwamba mama bado ana fedha ya kutosha, akaendelea na mwalo mwingine. Daftari la mama linasema kilo 4,310.

"Mwanangu, kompyuta yako inakula dagaa?"

Saa mbili. Ofisini. Mzee wa hesabu tayari amechapisha dashibodi kwenye karatasi na kuizungushia wino mwekundu. Mahali palipozungushiwa pameandikwa: *Imesasishwa leo, 04:40*. Ananionesha kidole juu ya saa hiyo, haneni neno. Kinachoniuma ni kwamba yale maandishi si uongo. Dashibodi ilisasishwa kweli saa kumi na dakika arobaini alfajiri. Ilisasishwa kwa namba za nusu.

Hapa lazima nieleze mambo yanavyokwenda usiku. Kuna kazi tatu. Ya kwanza, `safisha`, inachukua stakabadhi ghafi na kuzisafisha: inageuza magunia kuwa kilo, na inaondoa zilizojirudia, maana mtandao ukisuasua simu hutuma stakabadhi ileile mara mbili tatu. Ya pili, `jumlisha`, inajumlisha kilo kwa kila mwalo. Ya tatu, `onesha`, inapeleka jumla hizo kwenye dashibodi. Nilizipangia muda kwenye `cron`, programu ya seva inayoamsha kazi saa ikifika, na kwa kuwa seva inafuata saa za UTC, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, ziliandikwa hivi:

```
0  1 * * *  safisha
20 1 * * *  jumlisha
40 1 * * *  onesha
```

Yaani saa kumi kamili alfajiri, kumi na dakika ishirini, kumi na dakika arobaini. Ukiitazama inaonekana imepangika. Lakini hakuna mstari hata mmoja unaosema "ngoja mwenzako amalize". `cron` inajua saa tu. Ikifika dakika ya ishirini inaamsha `jumlisha`, safisha iwe imemaliza, iko katikati, au ilikufa tangu mwanzo. Nilichoandika ni matumaini kwamba dakika ishirini zitatosha. Sasa tazama kumbukumbu za alfajiri ya leo, kuanza na kumaliza:

```
safisha   01:00:02  01:31:40
jumlisha  01:20:01  01:20:44
onesha    01:40:01  01:40:19
```

`jumlisha` iliingia zikiwa zimebaki karibu dakika kumi na mbili usafi uishe. `safisha` inakwenda mwalo kwa mwalo kwa alfabeti, ikihifadhi kila inapomaliza stakabadhi 100. Kwa hiyo Ilagala, Kagunga na Katonga zilikuwa zimekamilika, na Kibirizi, ambayo ni kubwa na ya mwisho, ilikuwa haijafika hata nusu. Ndiyo maana namba za wengine zote zilikuwa sahihi na bosi hakushtuka. Tena `onesha` ilipofika, usafi ulikuwa umekwisha dakika nane zilizopita. Angeweza kupata ukweli wote, ila yeye hasomi stakabadhi, anasoma jumla, na jumla ilikuwa imeshapikwa mbichi.

Nikaendesha `jumlisha` na `onesha` kwa mkono. Ilichukua kama dakika moja. Kibirizi ikawa 4,310. Bosi akatuma fedha, mama akanijibu kwa neno moja: "Haya."

Mzee wa hesabu akatoa ushauri ambao kila mtu huutoa: "Si uisogeze tu hiyo ya pili mpaka saa kumi na moja?"

Mzee, nimeshaisogeza mara mbili. Mwanzo zilikuwa zimepishana dakika kumi. Nikaweka kumi na tano, nikaweka ishirini. Kila nikisogeza, inatulia wiki mbili hivi halafu inarudi. Na leo ndipo nilipoona aibu, kwa sababu jibu lilikuwa angani na mimi nimekulia kandokando ya Ziwa Tanganyika. Nilifungua kumbukumbu za miezi miwili nikaweka alama kwenye kila usiku ambao `safisha` ilizidi dakika ishirini. Alama zikajikusanya makundi mawili, na katikati kupo kweupe. Nikamuonesha mlinzi wetu, mvuvi mstaafu, tarehe zile bila kumwambia ni za nini.

"Hayo ni giza," akasema, kama mtu aliyeulizwa jina la mjukuu wake.

Dagaa huvuliwa kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa ya mvuvi haiwavuti vizuri, mitumbwi mingi inapumzika. Giza likiingia ziwa zima linawaka na mialo inajaa. Kwetu maana yake ni stakabadhi kama 400 kwa siku wakati wa mbalamwezi, na kama 1,300 wakati wa giza. Hizo ni mara tatu na kidogo, na ungedhani muda wa kusafisha nao utapanda mara tatu. Haupandi hivyo. Kutafuta zilizojirudia, programu yangu inalinganisha kila stakabadhi na nyingine zote za siku tatu. Ukiongeza stakabadhi mara tatu, kila moja nayo inapata wenzake mara tatu zaidi wa kulinganishwa nao. Zile dakika tatu za mbalamwezi zinakuwa thelathini na kitu. Nilikuwa najaribu kukisia muda wa kitu kinachobadilika mara kumi kila mwezi mwandamo.

Mchana, sijui saa ngapi, maana umeme ulikatika na mgebuka wangu ulipoa kabla sijaushika. Nilifuta mistari mitatu ya `cron`, nikabakiza mmoja unaoita mlolongo:

```
set -e
python3 safisha.py
psql -f jumlisha.sql
psql -f onesha.sql
```

Hapa hakuna dakika za kukisia. Mstari wa pili hauanzi mpaka wa kwanza umalize, uchukue dakika tatu au arobaini. Na `set -e` inasema kazi yoyote ikirudisha alama ya kushindwa, mlolongo usimame hapohapo.

Nikajaribu kuuvunja. Ndani ya `jumlisha.sql` mna majedwali mawili yanayohifadhi hesabu, `kilo_kwa_siku`, na `kilo_kwa_wiki` linalosoma kutoka kwa lile la siku. PostgreSQL, hifadhidata yetu, haitakupangia mambo hapo: ukisasisha la wiki kwanza litajumlisha namba za jana bila kulalamika, kwa hiyo la siku lazima litangulie. Nililiandika jina la la siku vibaya makusudi, nikaendesha, nikitegemea mlolongo ukwame.

Haukukwama. Kosa lilitokea kwenye skrini, kisha `psql`, inayopeleka amri kwa PostgreSQL, ikaendelea na amri iliyofuata, ikamaliza, ikaripoti kwamba yote ni salama. `onesha` ikapokea na kuchora. Nilikaa na hilo karibu saa nzima nikishuku `set -e`, nikishuku faili, nikijishuku mimi, kumbe hiyo ndiyo tabia ya kawaida ya `psql` ikisoma faili: amri ikishindwa inasonga mbele, na mwishoni inarudisha sifuri. Lazima uiambie isimame:

```
psql -v ON_ERROR_STOP=1 -f jumlisha.sql
```

Nikaweka kwenye mistari yote miwili. Nikavunja tena. Safari hii ikarudisha 3, mlolongo ukasimama, `onesha` haikuguswa.

Kilichobaki ni ile saa iliyozungushiwa wino. Nimeiondoa. `safisha` sasa ikimaliza stakabadhi ya mwisho kabisa inaandika mstari mmoja kwenye jedwali dogo, kwamba siku fulani imekamilika. `onesha` inasoma hapo na kuandika kwenye dashibodi *Takwimu kamili hadi* tarehe fulani. Saa ya kuchora haimhusu mtu.

Bosi hakupenda. Tulibishana kwa simu, yeye yuko bandarini, makelele matupu.

"Kwa hiyo ikikwama nitaona za juzi?"

"Utaona za juzi, na itakuandikia kwamba ni za juzi."

"Mimi nataka za jana, hata kama ni pungufu. Nitajazia mwenyewe."

"Leo asubuhi ulijazia, bosi?"

Kimya. Halafu akasema mtandao wake unakatika. Ninamheshimu sana, lakini mtandao wa bandarini unajua kuchagua wakati.

Mzee wa hesabu ndiye aliyeuliza swali la maana siku nzima, akiwa anafunga droo: stakabadhi zikiwa mara mbili ya hizi je? Itachukua saa mbili na dakika chache, nikamwambia, dashibodi itakuwa tayari saa kumi na mbili na kitu, bado kabla ya bosi kutuma fedha saa moja. Mlolongo unazuia namba za nusu, ila haumfanyi `safisha` awe mwepesi. Ile ya kulinganisha kila mmoja na kila mmoja inabidi niiandike upya, na nitaiandika mbalamwezi ikirudi, stakabadhi zikipungua. Akaandika kwenye kalenda yake. Kwa wino mwekundu.

Usiku, nyumbani, kilimani kuelekea Mwanga, miguu ndani ya beseni la maji. Chini ziwani taa zimetapakaa kama mji mwingine, na mimi nahesabu stakabadhi za kesho kwa macho. Nikafanya jaribio la mwisho: niliivunja `jumlisha` tena, nikaendesha mlolongo mzima, nione dashibodi itasema nini.

Simu ikaita. Bosi.

"Mbona imeandika namba ni za jana na si za leo?"

Leo haijaisha, bosi. Lala.