Kurasa 412 nzima

Kila miezi mitatu kamati ya maktaba yetu ndogo ya mtaa, hapa Eastlands, huketi kuamua vitabu vya kununua. Kazi yangu ni kuwafupishia tahakiki, maana hakuna mwenye muda wa kuzisoma zote. Mwaka jana niliandika kuhusu riwaya moja: "Inachosha katikati." Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, akanitazama juu ya miwani. "Umeisoma?"

"La, mwalimu. Nimesoma uhakiki wake."

"Basi nani amechoka?"

Nilirudi na uhakiki huo nyumbani, nikachukua kalamu mbili. Kwa buluu nilipigia mstari kilichomo kitabuni, kwa nyekundu anachokiona mhakiki. Sentensi moja ikanitoa jasho: "Katika kurasa 412 nzima, Rehema anashinda Gikomba akihesabu marobota ya mitumba, na mwandishi anashindwa kutueleza kwa nini mumewe aliondoka."

Kurasa 412 ni buluu, yeyote anaweza kufunua na kuhesabu. Lakini hilo "nzima" ni la mhakiki, ndilo linalonung'unika. Gikomba na marobota, buluu. "Anashindwa" ndilo lililonitega, kwa sababu limebeba mambo mawili: kwamba kitabu hakisemi sababu, na kwamba kilipaswa kuisema. La kwanza hata aliyekipenda kitabu angelikubali; la pili angelibishia. Kipimo hicho ndicho ninachokitumia mpaka leo.

Nikaandika upya: "Riwaya ina kurasa 412. Inamfuata Rehema, anayeshinda Gikomba akihesabu marobota ya mitumba, na haielezi kwa nini mumewe aliondoka. Mhakiki anaiona ni ndefu mno, na kimya hicho anakihesabu kuwa kasoro."

Kabla ya hapo nilikuwa nimeharibu rasimu nyingine. Kwa woga niliweka "mhakiki anaona" kila mahali, hata kwenye Gikomba, ikawa kana kwamba soko lenyewe lina shaka. Nilipoliweka mara moja tu mwanzoni, nalo halikufika mbali: likishapita nukta, sentensi inayofuata inasomeka kama yangu. Kwa hiyo nakusanya maelezo yote mbele, bila kumtaja mtu, kisha hukumu zinafuata, kila sentensi na mwenyewe. "Anakiri" siligusi, kwa sababu msomaji akiliona anajua nimeshaamua kwamba jambo ni kweli.

Kikao kilichofuata niliisoma ile aya. Mama mmoja wa kamati, aliyeuza mitumba miaka mingi kabla ya magoti kumchosha, akauliza, "Huyo mhakiki amechoshwa na hesabu ya marobota?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi hainichoshi. Nunueni nakala mbili."