Siku moja maishani mwangu: wakala wa pesa na herufi za wanyama

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nafungua kibanda, nahesabu floti, halafu simu inalia, ni dada kwenye grupu la familia katuma panga herufi ya leo. Juu kaandika WANYAMA, chini maneno sita yaliyovurugwa: AIT, AMDU, RIFASA, YANTI, KABOM, MALIPUDINA. Kanuni yetu ni kwamba jibu la kila neno lazima liwe mnyama, na herufi zote zitumike, isibaki hata moja.

Saa mbili wateja bado wachache. AIT inatoa tia, ita na tai. Hapo mada inanisaidia haraka sana, maana tia na ita ni vitendo, natupa, anabaki tai. Ila nikasita, tai si ndege? Nikamuuliza, "Dada, ndege wamo?" Akajibu wamo, na wadudu pia. Bora kuuliza mapema, kwa sababu ukikosea mpaka wa kundi unaweza kutupa jibu lenyewe.

AMDU ni tamu zaidi: damu, muda, duma. Yote majina kwa hiyo ujanja wa vitendo haufanyi kazi, lakini ni mmoja tu mwenye miguu, duma. RIFASA nayo macho yangu yaliona safari moja kwa moja na yakagoma kuona kingine, maana safari nalisema kila siku. Ilibidi nifunike neno kwa kidole nijiulize mnyama gani ana F, nikahesabu fisi, kifaru, siafu, fuko, farasi. Farasi! Herufi zilezile za safari.

Saa nne foleni. Mama mmoja ananiambia, "Mwanangu nitolee elfu ishirini," huku kichwani nina YANTI. Nikaona Y na N, hizo kwa kawaida hukaa pamoja, na wanyama wa NY ni wengi mno, nyoka, nyuki, nyumbu, nyani, nikaandika nyani nikatuma. Dada akarudisha, "T umeipeleka wapi?" Kweli, nyani ana N mbili na hana T. Mada ilinionyesha mnyama niliyetaka kumwona badala ya herufi zilizopo. Tangu hapo nikawa nakata kila herufi kwa kalamu kabla ya kutuma. Nyati.

Saa saba nakula wali maharage na MALIPUDINA iko mezani. Herufi kumi, A mbili, I mbili, ukizipanga kila namna unapata mipangilio 907,200, hakuna mtu wa kuijaribu yote. Kwanza nilishika MP nikahangaika nayo bure karibu robo saa, mpu-nini, mpa-nini, sikumpata mnyama yeyote. Nikaiacha nikashika ND, nda, ndi, ndu, nikaiweka P na U mbele: punda. Nikakata herufi, zikabaki M, I, L, I, A. Milia! Punda mwenye milia, pundamilia. Wanyama wenye majina marefu hivi kwetu ni wa kuhesabu, kuna nungunungu na simbamangu, ila wote wana G na hapa G haipo, kwa hiyo hata ningeanza na urefu wa neno ningefika.

Saa kumi limebaki KABOM tu na nimekwama kabisa. M na B nikaziweka pamoja, nikapata kambo, nikapata komba, kisha nikazitenganisha nikapata mkoba. Kambo ni ya baba wa kambo, mkoba ni wa kubebea vitu, na komba nikaitupa palepale na vitendo, si ndo kukomba, mtu amenikomba hela zote. Basi nikawa sina kitu. Nikarudia herufi mara tano, nikadhani dada kakosea kuandika.

Saa mbili usiku nimefunga hesabu, floti imekaa sawa, nampigia bibi kumsalimia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, mbona sauti imechoka?"

Nikamsomea herufi moja moja, K, A, B, O, M, nikamwambia ni mnyama. Akanyamaza kidogo, akasema, "Si komba huyo! Yule mdogo mwenye macho makubwa, analia usiku juu ya miti kama mtoto mchanga."

Yaani nilikuwa naye mkononi tangu saa kumi, nikamtupa kwa sababu jina lake ni kitendo pia. Na si yeye peke yake, kuna paa anayekimbia na paa ya kuruka angani, kuna kaa wa baharini na kaa ya kukaa. Nikachukua daftari nikayaandika hayo matatu ukurasa wa nyuma, ili nikikutana na kitendo niyaangalie kwanza kabla sijakata. Kisha nikatuma KOMBA kwenye grupu, saa mbili na dakika arobaini, na dada akajibu kesho ni samaki.