Kigunduzi na mihtasari ya 2009

Leo mchana hapa Kirumba tumekipima kigunduzi cha maandishi ya akili mnemba kwa karatasi za zamani.

Mihtasari 50 ya vikao vya wavuvi, yote ya 2009.
ChatGPT ilitoka Novemba 2022, kwa hiyo kila unaoitwa "wa mashine" hapo ni kosa la kigunduzi. Hakuna ubishi.

Kimekamata 6. Asilimia 12 wamesingiziwa!

Ukiitazama hiyo sita, yote inaanza vilevile: "Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:00 asubuhi na kuwashukuru wajumbe kwa kuhudhuria."
Vigunduzi vingi hupima jinsi neno linalofuata linavyotabirika; likitabirika sana, vinasema ni mashine. Sasa katibu wa kikao abuni nini jamani?

Msipimie Biblia wala Katiba. Modeli za akili mnemba zimeshayasoma maandishi hayo mara nyingi mno, lazima yatabirike.
Na mkiskani, sahihisheni herufi kwanza. "Dagaa" ikisomeka "daqaa", maandishi yanaonekana ya binadamu kuliko yalivyo, na kigunduzi kinapata sifa ya bure.

Hata kingekamata 0 kati ya 50, kiwango halisi cha makosa bado kingeweza kufika karibu asilimia 6. Hamsini ni chache.

Nani ana makaratasi ya kabla ya 2019 kabatini, huko Sengerema au Ukerewe?