Nilivyorudisha maandishi ya fulana na bango yaliyovurugwa na programu ya picha

Mwaka jana kikundi cha akina mama wanaokausha dagaa kwenye chanja, na ambao huuza mzigo wao Mwaloni, Kirumba, kiliniletea picha ya kuchapisha kwenye kalenda ya ukubwa wa A3. Picha ya awali ilipigwa kwa simu karibu na ziwa, wanakikundi sita wakiwa wamesimama mbele ya bango lililofungwa kwenye nguzo mbili, wote wakiwa na fulana za njano zenye maandishi ya bluu iliyokolea: DAGAA WA MWANZA. Wenzao wawili hawakuwapo siku hiyo. Kijana wa mmoja wa wanakikundi alichukua picha nyingine ya hao wawili, wakiwa wamevaa vitenge, akaiingiza kwenye programu ya akili bandia ya simuni, akaiomba iwaunganishe na wenzao, iwavike fulana za njano na kuondoa pikipiki iliyokuwa imeziba mwisho wa bango.

Sura zilitoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Maandishi ndiyo yaliyoharibika, na si kwa wale wawili tu bali kwa watu wote wanane. Fulana moja ilisomeka DACAA WA MVVANZA, nyingine ilikuwa na herufi ambayo haimo katika alfabeti yoyote ninayoijua, na kibao kidogo cha bei kilichoegemezwa kwenye nguzo kilikuwa kimejaa vialama vyeusi kama sisimizi. Katibu wa kikundi aliniuliza kwa nini programu imegusa fulana ambazo hakuna aliyeiomba iziguse. Swali lake lilikuwa la msingi, kwa sababu jibu lake ndilo lililoniongoza katika kazi yote iliyofuata.

Programu za namna hii haziandiki herufi; zinachora maumbo yanayofanana na herufi. Zaidi ya hayo, nyingi kati yake hazifanyi kazi kwenye pikseli zenyewe, bali huibana kwanza picha nzima kuwa muhtasari, kisha huifumua upya. Katika Stable Diffusion za mwanzo, kwa mfano, kila kipande cha pikseli 8 kwa 8 hugeuzwa kuwa chembe moja ya muhtasari huo. Picha ya simu ilikuwa na upana wa pikseli 4000, lakini iliyorudi ilikuwa na 1536. Herufi za fulana, ambazo mwanzoni zilikuwa na kimo cha pikseli 60 hivi, zilishuka hadi 23, yaani chembe tatu tu kwenda juu. Herufi za kibao cha bei zilitoka 20 zikafika 8, hivyo herufi nzima ikabaki na chembe moja. Bango peke yake, lililokuwa na herufi za pikseli 150, lilibaki likisomeka, isipokuwa pale pikipiki ilipoondolewa. Kwa hiyo hata sehemu ambayo hukuomba iguswe hupitia katika kubanwa na kufumuliwa huko, na maandishi madogo ndiyo hufa kwanza.

Hapo nikatambua kwamba sehemu kubwa ya kazi haikuwa kuandika upya bali kurudisha. Nilimwomba yule kijana anitafutie faili la awali kutoka kwenye simu yenyewe, wala si lile lililopitia WhatsApp, kwa kuwa huko picha hupunguzwa tena. Katika Photoshop nilifungua faili hilo, nikaweka picha iliyounganishwa chini yake na kuikuza hadi upana wa pikseli 4000. Leya ya juu niliiweka katika hali ya Difference, ambayo huonyesha weusi mahali picha mbili zinapolingana na mwanga mahali zinapotofautiana. Niliisogeza kidogo kidogo kwa vishale vya kibodi mpaka nyuso za akina mama sita na nguzo za bango zikawa karibu nyeusi kabisa. Kisha nikairudisha kwenye Normal, nikaifunika yote kwa maski nyeusi, na kupaka nyeupe juu ya fulana sita, sehemu ya bango iliyoonekana tangu awali, na kibao.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapo. Nilipaka maski kuzunguka maneno tu, na matokeo yake kila kifua kikawa na kiraka, kwa sababu njano ya programu ilikuwa imeelekea kidogo kwenye rangi ya chungwa. Niliifuta nikaanza upya, safari hii nikiufikisha mpaka wa maski kwenye mshono wa bega, ukosi na upindo wa chini, mahali ambapo jicho linatarajia rangi ibadilike. Kiraka kikatoweka bila mimi kurekebisha rangi hata kidogo. Kwa kibao, herufi za awali zilirudi zikisomeka, lakini bei iliyoandikwa ilikuwa imepitwa na wakati, hivyo mwenyekiti aliniagiza nikifute kabisa. Nilikubaliana naye: kibao kitupu hakimsumbui mtu.

Zilibaki fulana mbili ambazo hazikuwahi kuwapo. Wazo jepesi lilikuwa kunakili kifua cha jirani na kukibandika. Nilijaribu, nikaona mara moja kwamba watu wawili waliosimama pamoja walikuwa na mikunjo ileile ya kitambaa, kama mapacha, na hilo lilivuta macho kuliko herufi mbovu. Ikabidi niandike mwenyewe. Nilimtembelea fundi aliyechapa fulana zile, naye bado alikuwa na faili lake. Fonti ilikuwa Arial Black iliyobanwa kidogo kwa upana. Kama asingekuwa nalo, ningekata herufi kutoka kwenye fulana iliyonyooka zaidi, kwa maana maneno DAGAA WA MWANZA yanahitaji herufi saba tu tofauti.

Kabla ya kuandika nilifuta vialama vyote vya programu kwa Patch Tool, nikichukua kitambaa safi cha fulana hiyohiyo kutoka chini ya kifua. Sishauri mtu kurekebisha herufi mojamoja, akiiacha D iliyo nzuri na kubadilisha G iliyo mbaya, kwa sababu hata zile zinazoonekana nzuri hazikai kwenye mstari mmoja wala hazina unene mmoja.

Nilipoandika maneno, niliyageuza kuwa Smart Object na kuyapinda kwa Warp, nikitazama jirani aliyesimama kwa pembe inayofanana: upande wa kifua uliogeuka mbali na kamera herufi zake zilikuwa nyembamba zaidi, na mstari ulishuka kidogo katikati. Kisha ikaja hatua ya Displace, inayozifanya herufi zifuate mikunjo. Inahitaji ramani ya rangi ya kijivu iliyohifadhiwa kama faili la PSD. Nilinakili kifua kilichosafishwa, nikakigeuza kuwa kijivu, nikakilainisha kwa Gaussian Blur ya pikseli 4 ili nyuzi za kitambaa zisizitetemeshe kingo za herufi, nikaweka kipimo cha 6 kwa mlalo na kwa wima.

Maneno yote yalihama upande mmoja. Nilidhani nimeyagusa kwa bahati mbaya, nikarudia, yakahama tena kwa kiasi kilekile. Sababu ni kwamba katika ramani hiyo kijivu cha 128 ndicho kisichosogeza kitu. Kinachozidi hapo husogeza upande mmoja na kinachopungua husogeza upande wa pili. Fulana ya njano juani hutoa kijivu cheupe mno, hivyo ramani yangu nzima ilikuwa juu ya 128. Nilitumia Levels kushusha sehemu ya kitambaa isiyo na mikunjo hadi karibu na 128, na maneno yakatulia mahali pake, yakipinda penye mikunjo tu. Kuhusu kipimo, kwa 100 sehemu nyeusi kabisa husogeza pikseli 128, kwa hiyo 6 ni chini ya pikseli 8. Kwa herufi za kimo cha 60 hiyo inatosha. Nilipojaribu 15, herufi zilionekana kama zinaogelea.

Watu wengi huishia kuweka maandishi katika Multiply. Kwa wino wa fulana hizi haikufaa. Bluu iliyozidishwa na njano hugeuka kuwa weusi wenye ukijani, ilhali wino uliochapwa kwa skrini hukaa juu ya kitambaa na kukifunika. Niliacha maneno katika Normal, nikachukua rangi yake kwenye fulana halisi ya jirani upande wenye jua, kisha juu ya maneno nikaweka nakala ya vivuli vya fulana, iliyobanwa kwenye herufi peke yake, na ndiyo hiyo niliyoiweka katika Multiply. Mwishowe nikazipunguzia herufi makali kwa Gaussian Blur ya pikseli 0.8 na kuongeza chembechembe kwa Add Noise ya 1.5%, nikilinganisha kingo zake na za jirani kwa ukuzaji wa 200%. Herufi iliyotoka kwenye fonti moja kwa moja hujulikana kwa ukali wake hata kabla mtu hajaisoma.

Bango lilinipa shida moja tu. Liliandikwa TUNAUZA DAGAA WALIOKAUSHWA KWENYE CHANJA, na programu ilikuwa imejaza mahali pa pikipiki kwa CHAMIJA. Herufi C, H na A ya kwanza zilikuwa za kweli. Niliandika neno zima, si NJA peke yake, nikalivuta na kulipinda mpaka CHA yangu ikalala juu ya CHA ya kweli, kwa kimo, mwinamo na nafasi. Zilipolingana nilijua NJA nayo imekaa inavyopaswa katika mteremko wa bango lililolegea katikati, nikaificha CHA yangu kwa maski ili ya kweli ionekane.

Nilichapa nakala moja ya A3 nikampelekea mwenyekiti, kwa kuwa niliyeandika siwezi kuaminiwa kusoma. Alisoma kifua kimoja kimoja kwa sauti, akafika kwa mweka hazina ambaye Z yake imebanduka nusu, akacheka: "Hiyo iache mwanangu, ilitoka kwenye kufua." Kisha akawaonyesha kwa kidole wale wawili niliowaandikia. "Ila hawa fulana zao mpya. Sisi zetu zina miaka miwili."

Alikuwa sahihi. Wino wa wale sita ulikuwa umepauka na kupata nyufa ndogo ndogo. Nilipunguza Opacity ya maneno ya wale wawili hadi 88%, nikachukua nyufa za fulana ya jirani, na kuzitumia kama maski ya kula wino hapa na pale, kila fulana kwa mpangilio wake.